Siku Tatu za Ugeni Ndani ya Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam huujua mji wake kwa njia anazopita kila siku. Wa Kimara anaijua Barabara ya Morogoro hadi Posta, wa Mbagala anaijua Barabara ya Kilwa hadi Kariakoo, na wote wawili wanaweza kuzeeka bila kusimama hata mara moja mbele ya Boma la Kale, moja ya majengo makongwe kabisa ya mji huu. Likizo ikifika, wenye uwezo huvuka kwenda Zanzibar au hupanda gari kwenda Mikumi, wengine hurudi kijijini, na wasiokuwa na nauli hubaki nyumbani wakifua mapazia. Makala haya yanaeleza njia nyingine: siku tatu za utalii ndani ya Dar kwenyewe, katika sehemu ambazo wenyeji tumezipa kisogo.

Likizo ya namna hii huharibika kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba nyumba iko karibu mno. Aliyesafiri hawezi kuitwa kufungua geti la fundi wala kupokea mgeni wa ghafla. Aliyebaki huanza siku na orodha ya vivutio kumi, anachelewa kutoka kwa ajili ya vyombo na nguo, na saa tano jua likiwa kali huamua ataenda kesho. Dawa yake ni kuichukua siku kama safari yenye tiketi. Saa ya kuondoka hupangwa usiku, begi hufungwa usiku, chakula cha mchana huliwa huko huko, na ndugu na majirani huambiwa mapema kwamba hamtakuwepo. La pili, badala ya orodha ndefu, kila siku ipewe swali moja, na mwende pale tu panapolijibu swali hilo.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne inayoishi Kimara: baba, mama, na watoto wawili wa miaka kumi na kumi na minne. Ni mwezi wa Juni, shule zimefungwa, masika yamekwisha na asubuhi zina ubaridi kidogo.

Siku ya kwanza: mji huu ulipangwa kwa ajili ya nani?

Siku hii ni ya kutembea kwa miguu, kilomita kama tatu hivi, kutoka Feri hadi Kariakoo. Chagueni Jumamosi. Jumapili maduka mengi ya mjini hufungwa na makanisani kuna ibada, na siku za kazi barabara zina msongamano unaowatisha watoto. Pandeni mwendokasi mapema, mshuke Kivukoni saa moja asubuhi. Hapo Soko la Samaki la Feri liko kwenye mnada, na mnaweza kusimama pembeni mkasikiliza bei zinavyopanda. Kamera ibaki mfukoni kwanza: Ikulu iko jirani na bandari iko mbele yenu, na maeneo hayo hayapigwi picha. Wauza samaki nao ni watu walioko kazini, hivyo huombwa ruhusa.

Kutoka Feri fuateni ufukwe wa bandari kuelekea magharibi. Upande wa kulia yapo majengo ya utawala wa Wajerumani, ambao walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mbele kidogo linajitokeza Kanisa la Azania Front, lenye mnara na paa la vigae vyekundu, ambalo ujenzi wake ulianza 1898 na kukamilika mwanzoni mwa karne iliyofuata. Hapa ndipo Uzunguni palipoanzia, na mtaona mwenyewe sababu ya kuchaguliwa: upepo wa bahari unafika, na barabara ni pana zenye miti ya kivuli.

Kwenye kanisa kateni kulia kufuata Mtaa wa Azikiwe hadi unapokutana na Samora. Katikati ya mzunguko amesimama askari wa shaba nyeusi ameelekeza singe yake bandarini. Wazee wa mji huliita Sanamu la Bismini. Lilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Waingereza, na lilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Waambieni watoto wasogee wakatafute maandishi ya Kiswahili chini ya sanamu. Wataona yameandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini pia, maana wakati ule wasomaji wengi wa Kiswahili walikuwa wa herufi za Kiarabu.

Liangalieni vizuri sanamu hilo kabla ya kuondoka, kwa kuwa linahusiana na mwisho wa safari yenu. Nairobi wana sanamu la kumbukumbu ya vita hivyo hivyo, na lile lina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Hili letu lina mtu mmoja tu, mwenye bunduki. Mpagazi wa Dar mtamkuta kwingine.

Shikeni Samora kuelekea magharibi hadi Barabara ya Morogoro, kisha shukeni kushoto kuelekea baharini. Kwenye kona ya Sokoine, hatua chache kutoka gati la boti za Zanzibar, lipo Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeamua kujenga bandari mpya jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 mji ukiwa haujakamilika, na kasri lake lililokuwa karibu na hapo halipo tena. Boma limebaki. Tangu 2017 lina kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, chenye maonyesho yanayoeleza mji ulivyokua. Gusa ukuta wake: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mnene kiasi kwamba ndani kuna ubaridi hata mchana. Mlango wake ni wa nakshi za Kizanzibari, tofauti kabisa na milango ya Wajerumani mliyoipita muda mfupi uliotangulia.

Sasa pandeni Barabara ya Morogoro mkiipa bahari mgongo. Ndani ya mitaa michache mji unabadilika. Ghorofa za biashara zimebanana, duka liko chini na makazi yako juu, roshani zinatazama barabara, na milangoni mnaona majina ya familia na miaka ya ujenzi. Hapa ni Uhindini. Mkiinua macho juu ya mabango ya simu na dawa, mtaona maua ya saruji na nguzo za mapambo. Chakula cha asubuhi kiliwe hapa, maana wenye migahawa ya mitaa ya Kisutu na Jamhuri hawana mchezo katika chai na sambusa.

Mkivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed mnafika Mnazi Mmoja, na jibu la swali la siku liko mbele yenu, ingawa wengi hupita bila kuliona. Kwa nini katikati ya mji ghali namna hii kuna uwanja mrefu mtupu? Wajerumani waliligawa jiji katika kanda tatu kwa sheria za ujenzi, na Waingereza wakaendelea na mgawo huo. Kanda ya kwanza iliruhusu nyumba za Kizungu tu, ya pili ilikuwa ya nyumba za kudumu za makazi na biashara, na ya tatu ilikuwa ya Waafrika, ambako nyumba ya miti na udongo iliruhusiwa. Kati ya kanda ya pili na ya tatu waliacha ukanda wa wazi, na sababu waliyoitoa ilikuwa ni afya: kuyazuia magonjwa ya Waafrika yasivuke. Uwanja ambao leo tunautumia kwa mikutano na sherehe ulikuwa mpaka.

Vukeni mpaka huo mpaka Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, kisha ingieni Kariakoo. Tafuteni nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati ya maghorofa: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati ukiwa na vyumba pande zote mbili, na uani nyuma. Zinazidi kupungua, kwa hiyo mtoto akiiona moja aichore. Mwisho wa njia ni sokoni. Baada ya 1916 Waingereza waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, na jina la mtaa limetokana na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Askari alipata shaba katikati ya Uzunguni, na mpagazi aliacha jina lake upande wa pili wa uwanja. Ukiutembea mji kwa mpangilio huu, unauelewa mgawo wake kwa miguu yako.

Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1975 na lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu. Lilipata ajali ya moto Julai 2021 na ukarabati ukafuata. Simameni nje mtazame paa: ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayotoa kivuli huku ikikusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi chini ya soko. Ikifika saa tano mmemaliza, na mwendokasi wa kurudi Kimara unapatikana Gerezani.

Siku ya pili: nani alikuwa hapa kabla ya mji?

Kwa swali hili inabidi mtoke mjini kabisa, kilomita ishirini na ushee kaskazini, hadi Magofu ya Kunduchi. Wengi wanaifahamu Kunduchi kwa hoteli na michezo ya maji, na bodaboda naye huenda akawapeleka huko. Semeni wazi kwamba mnataka magofu, au makaburi ya zamani. Pandeni gari la Barabara ya Bagamoyo, mshuke Mtongani, kisha mchukue bajaji.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazameni mwezi. Sehemu nzuri ya siku hii ni ufukwe wa kijiji, na ufukwe huo hauonekani vilivyo maji yakiwa yamejaa. Katika pwani ya Dar siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa nne ile ile mtakuta maji yamesogea karibu na ngalawa na hayana tofauti kubwa ya kujaa na kupwa. Kwa hiyo mkipanga siku mbili baada ya mwezi mpevu, mfike magofuni saa mbili na mteremke ufukweni kuanzia saa nne.

Magofu yamo chini ya mibuyu. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi mengi ya karne ya 18 na kuendelea. Anzeni na msikiti, na wapeni watoto fumbo: kibla iko upande gani? Hakuna haja ya dira. Makka na Dar es Salaam ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo ukuta wa kibla katika misikiti ya pwani yetu ni wa kaskazini. Saa mbili asubuhi jua likiwa mkono wa kulia, uso wako umeelekea huko.

Kisha tazameni mawe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe magumu ya nchi kavu, yasiyo na umbo maalumu, yakashikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Sehemu zilizohitaji ukingo mzuri au nakshi zilitumia jiwe jingine: tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado na maji, likachongwa, kisha likakauka na kuwa gumu. Ukiangalia kwa karibu utatofautisha: la pili lina vitobo vidogo vilivyopangika, na kingo zake ni kali hata sasa. Ukishaijua tofauti hiyo utaiona Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar pia.

Katika makaburi, yanayovuta macho ni yale ya nguzo. Kaburi la mtu mkubwa lilijengewa ukuta, na juu yake ikasimamishwa nguzo. Kwenye nguzo na kuta hizo yalibandikwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China, zilizofika kwa majahazi ya Bahari ya Hindi. Mengi yameondoka, na mnachokiona ni mashimo ya mviringo kwenye chokaa yakionyesha yalipokuwa. Mji wa Majid ulianza katika miaka ya 1860. Watu waliozikwa hapa walikuwa wanakula, wanaswali na wanafanya biashara na ng'ambo muda mrefu kabla ya hapo. Hilo ndilo jibu la swali la siku ya pili, na mtoto anayefundishwa kwamba Dar ilianza na kijiji kitupu anastahili kulijua.

Mahali hapa ni makaburi, kwa hiyo mavazi na sauti viwe vya makaburini. Msipande juu ya kuta: chokaa iliyolowa kwa mvua na kukauka mara nyingi hubomoka kwa uzito wa mtu mmoja. Msiokote hata kipande cha kaure kilicholala chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivi, na kipande kikishahamishwa mtaalamu hawezi tena kujua kilitoka kwenye kaburi lipi. Mkimkuta mtunzaji, msalimieni kwanza, mlipe kiingilio mkadai stakabadhi, kisha mwombeni awaongoze.

Saa nne teremkeni ufukweni. Ngalawa zitakuwa zimelala mchangani, na mnaweza kuukagua ubavu wa chombo kwa nafasi. Juni ni wakati wa kusi, bahari inaweza kuchafuka kuanzia adhuhuri, kwa hiyo kama mlitaka kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, muulizeni nahodha kwanza na msipande chombo kisicho na maboya ya kujiokolea.

Siku ya tatu: bibi na babu waliishi nyumba gani?

Baada ya siku mbili za jua, ya tatu iwe nyepesi. Nendeni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichofunguliwa katika miaka ya 1960. Humo mna nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Tanzania, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na kwa vifaa vyake. Kosa linalofanywa ni kuzipita zote haraka, dakika mbili kila moja, mpaka zinachanganyika kichwani.

Fanyeni hivi badala yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mpigieni simu bibi au babu, mumuulize nyumba aliyozaliwa ilikuwa na milango mingapi, moto uliwashwa wapi, na mifugo ililala wapi. Asubuhi itafuteni nyumba ya kabila lake, au ya majirani zake, mkae humo nusu saa mkilinganisha na aliyosema. Mtaona mambo ambayo maelezo ukutani hayasemi, kwa mfano kwamba moshi wa jikoni ulipita katika paa la nyasi ukifukuza wadudu, au kwamba mlango mfupi ulimlazimisha mgeni kuingia ameinama. Mgeni kutoka Ulaya anailipia nyumba ile ile lakini hana wa kumpigia simu.

Kama mvua ikinyesha, hamishieni siku hii Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ndiko linakotunzwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani, iko jirani na inatosha kwa mapumziko ya mchana.

Fedha, na mambo yanayokwamisha

Gharama zigawanywe mafungu matatu tangu mwanzo: nauli, viingilio, na chakula. Makumbusho zetu zina bei ya raia ambayo ni ndogo sana kuliko ya mgeni, lakini mlangoni mnaweza kuulizwa uthibitisho, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA na vya shule. Chakula ndicho humaliza fedha, maana kila anayechoka hutaka soda. Bebeni maji ya kutosha, na mkubaliane kabla ya kutoka ni mara ngapi mtanunua kitu barabarani.

Mtajuaje kwamba siku imeanza kuharibika? Mkiwa hamjavuka kizingiti saa moja baada ya muda mliopanga, acheni sehemu ya kwanza ya ratiba, msijaribu kuifidia. Siku ya kwanza, waliochelewa waanzie Sanamu la Bismini na waiache Feri. Siku ya pili, waliochelewa wateremke ufukweni kwanza, kwa sababu maji hayasubiri, kisha wapande magofuni.

Wanaoishi miji mingine wanaweza kutumia maswali yale yale. Tanga ina magofu ya Tongoni, yenye makaburi ya nguzo mengi kuliko karibu popote katika pwani hii. Mombasa wana Jumba la Mtwana, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Nairobi wana Kariokor yao, iliyozaliwa na wapagazi wa vita ile ile. Kila mji uliopangwa na mkoloni una mahali kanda zake zilipoachana: uwanja, reli, mto au barabara pana kupita kiasi. Tafuta mahali hapo kwenye ramani, chora mstari kutoka jengo kongwe la serikali hadi soko la zamani la wenyeji, na uutembee mstari huo Jumamosi asubuhi.